Nembo Ipande, Tanga Lisikatwe

"Kaka, hiyo logo ipandishe juu kidogo, imegusa tanga." Mteja akishasema hivyo huwa ameona kazi ya dakika mbili. Ameshika simu, anaangalia picha, na kidole chake kinaonyesha pale anapotaka nembo iende. Asichokiona ni kwamba hapo anapoonyesha hapana kitu. Picha imekwisha.

Nitaeleza kazi hii kwa bango moja la resi za ngalawa, kwa sababu lilikuwa na karibu kila tatizo la aina yake. Bango ni la ukubwa wa A3, limesimama wima. Picha ni ya jioni: mbingu ya buluu inayozidi kukolea kadiri inavyopanda, bahari chini, jua linazama upande wa kulia. Ngalawa inaelekea kushoto, kwa hiyo foromali imelala kwa mbele na kupanda kwa nyuma, na ncha yake iko kulia, pikseli 60 tu kutoka ukingo wa juu wa picha. Kwenye karatasi hizo ni milimita 5. Nembo ya mdhamini ilikuwa imebandikwa papo hapo kulia, ikafunika sehemu ya foromali. Upande wa kushoto juu kuna nafasi tele, lakini hapo ndipo patakapokaa jina la mashindano kwa herufi kubwa, na mdhamini hakukubali kushushwa chini karibu na bahari.

Faili iliyoletwa ilikuwa JPEG moja, upana pikseli 3508 na urefu 4961. Hakuna leya. Nembo imeshakuwa sehemu ya picha, na aliyeitengeneza mwanzo hana tena faili lake.

Njia za mkato zipo na kila fundi anazijua. Unaweza kuipunguza nembo mpaka itoshee kwenye zile milimita 5, na mdhamini atalalamika kwa haki. Unaweza kuivuta picha nzima kwenda juu, na ngalawa itarefuka kama imetazamwa kwenye kijiko. Au unaweza kuishusha picha ndani ya fremu ili nafasi ipatikane juu, na hapo chini utayakata matengo na maji yaliyo mbele yake. Inayobaki ni kuongeza kanvasi, yaani ule uwanja ambao picha imelazwa juu yake, kisha kuijenga mbingu ambayo mpiga picha hakuipiga.

Kabla ya hapo kuna swali moja la kumuuliza mteja, nalo linaweza kuokoa siku nzima: picha yenyewe ya asili iko wapi? Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 2. Picha ya wima yenye pikseli 4000 kwa 6000 ikibanwa iingie kwenye umbo la A3 bila kupunguza upana, inabaki na urefu wa pikseli 5657. Nyingine 343 zimekatwa, na mara nyingi zilizokatwa ni mbingu. Ukiipata picha hiyo, sehemu kubwa ya mandhari unayotaka kuijenga ipo tayari, tena ya kweli. Kwa bango letu haikupatikana. Ilikuwa kwenye simu iliyokwisha kufa.

Hesabu inafuata, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Nembo ina urefu wa pikseli 380. Nikiongeza 500 juu, pamoja na zile 60 zilizokuwepo, napata 560 kati ya ncha ya foromali na ukingo mpya: nembo inaingia na kubaki na pumzi ya pikseli 90 juu na 90 chini. Vizuri. Lakini karatasi ya A3 haijarefuka. Picha ya 3508 kwa 5461 ni nyembamba kuliko A3, na mashine ya kuchapa itaacha mistari mieupe pembeni, au itaikata juu na chini ili upana ujae, yaani itafanya kilekile tulichokuwa tunakikimbia. Ukitaka urefu, sharti ulipe na upana. Urefu wa 5461 unadai upana wa 3862, kwa hiyo lazima zipatikane pikseli 354 za pembeni pia.

Unaweza kuzigawa nusu kwa nusu, 177 kila upande. Mimi nilizipeleka zote kushoto, kwa sababu mbili. Kulia kuna jua na njia yake ya dhahabu juu ya maji, jambo gumu mno kulirefusha bila kuonekana. Na ngalawa inaelekea kushoto. Chombo kinachokwenda kinapendeza kikiwa na maji mbele yake kuliko nyuma yake. Picha ilifaidika, ingawa hakuna aliyeomba hilo.

Kuna hofu kwamba picha ikiongezwa hivi itapoteza ubora. Haipotezi. Pikseli za mwanzo hazijaguswa, zimeongezewa majirani tu, kisha zote zinabanwa kwenye karatasi ileile. Badala ya nukta 300 kwa inchi unapata 330. Kinachopungua ni ukubwa wa vitu: ngalawa na kila kilichomo kinakuwa kidogo kwa asilimia 9 hivi. Nembo iliyokuwa na urefu wa milimita 32 itatoka na 29. Mwambie mteja mapema, au ikuze nembo kidogo wakati wa kuiweka upya.

Natumia GIMP, kwa kuwa ni ya bure na inakubali hata kompyuta ya steshenari yenye umri wake. Kwenye Photoshop mantiki ni hiyohiyo. Picha ya mwanzo naipa leya yake na kuifunga nisiiguse. Kisha nafungua Image > Canvas Size, naondoa mnyororo unaofunga upana na urefu pamoja, naandika 3862 na 5461. Chini yake kuna sehemu ya Offset, inayosema picha ya zamani ikae wapi ndani ya uwanja mpya: X ni 354, Y ni 500. Picha inasukumwa kulia na chini, na uwazi unafunguka juu na kushoto kama herufi L iliyopinduliwa. Huo uwazi ndio kazi.

Mbingu inaonekana rahisi kwa sababu haina kitu ndani yake. Ni buluu tu, chukua rangi ya ukingoni umwage. Ukifanya hivyo utapata bamba la rangi moja juu ya mbingu inayobadilika, na mshono utauona ukiwa mlangoni. Mbingu ya jioni haisimami. Inaendelea kukolea, na sehemu unayoijenga lazima iendelee kukolea kwa mwendo uleule. Mwendo huo unapimika. Kwa kifaa cha Color Picker, Sample average ikiwa imewashwa ili kisome wastani wa eneo badala ya pikseli moja, nilisoma rangi ya mbingu pikseli 500 chini ya ukingo wa zamani: nyekundu 92, kijani 110, buluu 150. Ukingoni penyewe: 70, 90, 136. Katika umbali wa pikseli 500 nyekundu imeshuka kwa 22, kijani kwa 20, buluu kwa 14. Basi pikseli nyingine 500 juu yake rangi inapaswa kuwa 48, 70, 122. Kwenye leya mpya iliyo chini ya picha nikachora mpito wa rangi kutoka ile ya ukingoni hadi hii ya juu kabisa, na mbingu ikaendelea pale ilipokatwa.

Upande wa kushoto unahitaji kipimo chake, maana mwanga unapungua pia kadiri unavyoliacha jua. Soma rangi sehemu mbili zilizo sawa kwa kimo, moja ukingoni na moja ndani, uone inavyoshuka. Katika bango hili tofauti ilikuwa ndogo, namba mbili tatu tu, lakini nisingeiweka, pembe ya juu kushoto ingeng'aa kuliko majirani zake.

Sasa tazama tena zile namba. Nyekundu inashuka hatua 22 katika pikseli 500. Maana yake kila hatua ina upana wa pikseli 23 hivi, karibu milimita 2 kwenye karatasi. Picha ya kawaida ya kompyuta haina hatua za katikati. Ni 70, kisha 69, kisha 68. Katika picha ya kamera hatua hizo hazionekani kwa sababu kila eneo lina chembechembe, pikseli moja iko juu kidogo, jirani yake chini kidogo, na jicho linazichanganya. Mpito uliochorwa na kompyuta ni msafi, na usafi huo ndio unaomfichua: unaona mistari mipana ya rangi iliyopangana, na unaona kwamba sehemu ya juu ni laini kama plastiki wakati ya chini ina ngozi.

Dawa ni kuitia chembe. Filters > Noise > RGB Noise inaziweka, ila si kwa kukubali tu mipangilio unayoikuta. Ondoa alama kwenye Independent RGB, la sivyo kila rangi itarushwa kivyake na utapata nukta nyekundu na kijani ambazo mbingu ya asili haina. Kisha kuna ukubwa wa chembe. Zinazotengenezwa na kompyuta zina upana wa pikseli moja moja, kali kama mchanga. Za picha iliyopitia kwenye simu na kubanwa kuwa JPEG ni nene zaidi, zimeshikana mbili tatu. Ukungu mdogo wa Gaussian Blur, nusu pikseli hadi pikseli moja, unazilainisha zifanane. Kuza picha mpaka asilimia 200, weka mshono katikati ya kioo, linganisha juu na chini, rudia. Mimi hutumia muda mwingi hapa kuliko kwenye rangi, na sijuti.

Mshono wenyewe usiwe mstari. Kwenye leya ya picha ya zamani weka maski, kisha ufifishe ukingo wake kwa upana wa pikseli 150 hadi 200, mbingu ya zamani iyeyuke taratibu ndani ya mpya. Isipokuwa pale penye ncha ya foromali: iko pikseli 60 kutoka ukingoni, na ufifishaji wa pikseli 200 utaimeza. Hapo maski inapakwa kwa mkono, kwa brashi ndogo, ikiizunguka ncha.

Bahari haikubali ujanja wa mpito wa rangi. Ina mawimbi, na mawimbi yana ukubwa unaobadilika: karibu na upeo wa macho ni mikunjo myembamba, karibu nasi ni mapana. Kanuni moja inatosha: maji yahamishwe kwa mlalo tu, kamwe yasipande wala kushuka. Nilinakili kipande cha bahari chenye upana wa pikseli 700 kutoka sehemu ya kushoto ya picha, nikakisogeza kushoto kwa mishale ya kibodi bila kugusa mshale wa juu wala wa chini, mpaka kikajaza uwazi na kulalia maji ya zamani kwa upana wa kutosha, halafu nikaufifisha mshono. Wengine hukigeuza kipande kama kwenye kioo, kulia kuwa kushoto, ili kingo zikutane bila shida. Kingo hukutana kweli, lakini mawimbi hutoka kama mabawa ya kipepeo pande mbili za mshono, na jicho la binadamu lina bidii ya ajabu katika kuona ulinganifu. Kunakili bila kugeuza nako kuna mtego wake. Povu moja jeupe lililo mahali pawili kwa umbo lilelile litaonekana na mtoto. Tafuta kila kitu chenye umbo la kukumbukwa, povu, kivuli, ndege wa mbali, ukifute katika nakala kwa Clone, ukichukua maji ya kimo kilekile.

Upeo wa macho ndio mstari wa kuukagua mwisho. Picha nyingi za mkononi zimeinama kidogo. Ikiwa upeo unashuka pikseli 20 kutoka upande mmoja hadi mwingine, nakala iliyosogezwa kwa mlalo haitakutana nao sawasawa, patatokea kidaraja. Ni kidogo, lakini mstari wa bahari ni mahali ambapo jicho hutembea lenyewe.

Imebaki nembo ya zamani, ambayo bado imekaa juu ya mbingu na foromali. Kosa la kawaida ni kuichagua kwa kuifuata kingo zake, kuifuta, na kushangaa kwamba mzimu wake haujaondoka. JPEG hubana picha kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na rangi mara nyingi kwa vigae vya 16 kwa 16. Kitu cheupe chenye kingo kali kikiwa ndani ya kigae huchafua kigae kizima, hivyo kuizunguka nembo kuna ukanda wa madoa hafifu ambayo huyaoni mpaka nembo iondoke. Kwa hiyo baada ya kuichagua, Select > Grow, pikseli 16, ndipo ufute.

Pengo la mbinguni linajazwa kama tulivyokwishafanya, kwa mpito na chembe, au kwa Heal inayochukua ngozi ya sehemu moja na kuipa mwanga wa sehemu nyingine. Heal ni kifaa kizuri mbali na kingo. Ukikisogeza jirani na foromali kitaona weusi wa mti na buluu ya mbingu na kuzichanganya, na utapata doa la moshi. Karibu na mti tumia Clone, isiyochanganya chochote.

Na foromali iliyokuwa chini ya nembo haipo tena, lazima ichorwe. Huu ndio ukarabati pekee katika kazi yote ambapo unabuni kitu ambacho mtu anakijua. Mabaharia watalitazama bango hili. Foromali si fimbo iliyonyooka. Ina mpindo mdogo na inazidi kuwa nyembamba kuelekea ncha, na tanga limefungwa kwayo kwa kamba. Kwa kifaa cha Paths nilichora mstari unaofuata mpindo wa sehemu mbili zilizobaki, juu na chini ya pengo, nikaugeuza kuwa eneo lililochaguliwa, nikafifisha kingo kwa pikseli 1, kisha nikanakili mti wenyewe kutoka chini kidogo. Ukingo usio na ufifishaji wowote huonekana umekatwa kwa mkasi. Uliozidi huonekana umepigwa picha na kamera nyingine. Angalia ukingo wa mti mahali ambapo haukuguswa, hesabu ni pikseli ngapi kati ya weusi kamili na buluu kamili, ufuate hapo.

Nembo mpya haitoki kwenye JPEG. Mwombe mteja faili ya asili, SVG au PDF, na ukiletewa PDF ikuze mpaka asilimia 800: kingo zikibaki kali ni mchoro wa kweli, zikivunjika vigae ni picha iliyovalishwa nguo ya PDF. Iweke kwenye leya yake, juu ya zote. Kwa bahati ya jioni ile, mbingu mpya ni nyeusi zaidi kuliko ya zamani, na nembo nyeupe ilisomeka vizuri kuliko mwanzo. Ingekuwa ya buluu iliyokolea, kupanda huko kungeizamisha, na ingebidi kulizungumza hilo na mdhamini.

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote huwa nafanya jaribio moja. Layer > New from Visible inatengeneza nakala ya vyote vinavyoonekana. Kwenye nakala hiyo nafungua Colors > Curves na kuusimamisha mstari wima karibu kabisa, mpaka mbingu inageuka nyeusi upande mmoja na nyeupe upande mwingine. Picha inakuwa mbaya sana, na kila mshono unajitokeza: hapa mpito umeruka, pale chembe zimekosekana, kule mzimu wa nembo bado umesimama. Unaandika mahali pa makosa, unaifuta nakala, unarudi kwenye leya zako. Katika jaribio la kwanza la bango hili ukanda wa juu ulitokea kama bati lililopigwa pasi, kwa sababu chembe zilikuwa nyembamba mno.

Matbaa itakayokata karatasi baada ya kuchapa itadai ziada ya milimita 3 kila upande. Kwa nukta 330 kwa inchi hizo ni pikseli 39. Kwa kuwa kipande hicho kinakwenda kwenye pipa la taka, hapa kioo kinaruhusiwa: geuza ukingo, bandika, endelea. Azimio lenyewe liandike kwenye Image > Print Size, usiende Scale Image, ili pikseli zisiguswe bila sababu.

Mteja atataka pia kulirusha bango kwenye makundi ya WhatsApp. Akilituma kama picha ya kawaida, programu inalibana, na ubanaji huanza kwa kutupa vitu vidogo visivyo na umbo, yaani zile chembe zote tulizozipanda mbinguni. Mistari ya rangi inarudi, na mara nyingi inarudi kwenye mbingu mpya tu, kwa kuwa chembe zake zilikuwa hafifu kuliko za kamera. Nampa nakala ya pili, ndogo, yenye upana wa pikseli 1080, chembe nikiwa nimezitia upya baada ya kuipunguza, na namwambia aitume kama Document.